Nimefuta akaunti, nimeng'oa na aplikesheni, hela bado inakatwa. Usajili niliununua kupitia duka la simu

Kibarua Huru (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, kichwa kimegoma.

Kuna aplikesheni moja ya kuhariri video niliipakua kwenye simu. Jina naliweka pembeni, sijaja kumchafua mtu. Nilijiunga tarehe 14 mwezi uliopita kwa zile siku 7 za bure, tarehe 21 wakakata malipo ya mwezi wa kwanza. Hapo sina ugomvi, niliitumia na ilinifaa.

Tarehe 2 mwezi huu kazi iliyonifanya niihitaji ikawa imekwisha, nikaamua kuachana nayo. Nikaingia kwenye tovuti yao kwa kompyuta, nikauzunguka ukurasa wa akaunti mara tatu, hakuna kitufe cha kusitisha malipo. Kulikuwa na mstari mdogo wa kijivu unaosema usajili wangu "unasimamiwa kwingine". Kwingine wapi, hawakusema. Nikaona isiwe tabu, nikashuka hadi chini kabisa nikafuta akaunti nzima. Wakaniuliza una uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Kisha nikaing'oa aplikesheni kwenye simu, nikalala usingizi mzuri.

Leo tarehe 24 naangalia taarifa ya benki, nakuta tarehe 21 imekatwa tena kiasi kilekile. Mbele kumeandikwa GOOGLE * halafu jina la aplikesheni. Nimewaandikia wenye huduma, wananijibu hawaoni akaunti yoyote yenye barua pepe yangu. Kweli hawawezi kuiona, nimeifuta! Sasa wanamkata nani?

---

Ngamia Mzee

Pole sana kijana. Hizi huduma za kujiunga bila kujua zimewaliza wengi. Mimi walikuwa wananitumia ujumbe wa mapishi kila alfajiri na salio linaondoka. Nilipiga simu huduma kwa wateja ya mtandao wangu, binti akaniondoa ndani ya dakika mbili. Piga simu, usiandike barua pepe, hawasomi.

---

Kibarua Huru

Shikamoo mzee. Hili si la salio, ni kadi ya benki, na nilijiunga mwenyewe kwa kidole changu. Mtandao wa simu hauhusiki.

---

Ngamia Mzee

Marahaba. Aa, basi nimejibu swali lisilo langu. Nabaki kusoma.

---

Kufuli

Mkuu, mnazunguka bure. Dawa ni kufungia kadi. Mimi nina usajili mmoja kwenye aiFoni ambao sikutaka kuhangaika nao, nikaingia kwenye aplikesheni ya benki, nikaifungia kadi malipo ya mtandaoni. Mwezi wa pili huu hawajapata hata senti. Asiyekuwa na hela hakatwi.

---

Fundi Kimya

Mleta mada, nimewahi kujibu barua za wateja wa aplikesheni kwa muda mrefu, na barua kama yako tulikuwa tunapokea karibu kila siku. Ngoja nikueleze kilichotokea kwanza, maana bila hicho utaendelea kugonga mlango ambao si wake.

Ulipobonyeza kitufe cha kujiunga ndani ya simu, hukuwalipa wenye aplikesheni. Umelilipa duka, yaani Google Play. Duka ndilo lenye kadi yako, ndilo lenye ratiba ya tarehe 21, na ndilo linalokata. Likishakata, linachukua kamisheni yake, kinachobaki linawapelekea wenye aplikesheni pamoja na taarifa kwamba usajili fulani uko hai, mfungulieni mteja. Wao kazi yao ni kufungua mlango tu. Kitufe cha kusitisha hukukiona kwenye tovuti yao kwa sababu kadi yako hawana na ratiba yako hawaishiki. Ule mstari wa kijivu ulikuwa unakwambia hilo, ila kwa uvivu mkubwa wa maneno.

Kwa hiyo ulikuwa na vitu viwili tofauti. Kimoja ni akaunti yako kwao, uliyofungulia kwa barua pepe na nywila. Cha pili ni usajili wako dukani. Ulichofuta ni cha kwanza. Cha pili hakikujua kama umefuta chochote, kikaendelea na safari. Kung'oa aplikesheni nako hakukigusi, ni sawa na kutupa ufunguo huku mkataba wa pango unaendelea.

Sasa fanya hivi. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, nenda Payments & subscriptions, kisha Subscriptions. Aplikesheni yako inatakiwa iwepo hapo hata kama umeing'oa. Iguse, chini kuna Cancel subscription. Watakuuliza sababu, chagua yoyote. Kama simu inakusumbua, fungua kwenye kompyuta play.google.com/store/account/subscriptions, ni kitu kilekile.

Ukimaliza rudi hapa utuambie umeona nini.

---

Kufuli

Mbona unampa kazi ndefu wakati kadi inafungwa kwa sekunde kumi?

---

Fundi Kimya

Kufuli, nitakujia. Tumalize la mwenzetu kwanza.

---

Kibarua Huru

Fundi, nimeingia. Ukurasa ni mtupu. Hauna usajili wowote, hai wala uliokufa. Nimejaribu simu, nimejaribu kompyuta. Nimeanza kuamini kuna mtu ameiba kadi yangu.

---

mama_wawili

Hata mimi ni hivyohivyo! Naomba niingilie uzi. Mimi natumia aiFoni, kwenye taarifa ya benki kuna APPLE.COM/BILL kila mwezi, nikiingia Settings, nikigusa jina langu, kisha Subscriptions, naona usajili wangu mmoja tu wa hifadhi ya picha, ambao naujua. Kiasi kinachokatwa kingine hakimo. Au haya maduka yanaficha?

---

Fundi Kimya

Hayafichi. Nyote wawili mnaangalia chumba kisicho chenu.

Kibarua, simu yako ina akaunti ngapi za Google? Watu wengi wana mbili au tatu: ile iliyofunguliwa siku simu iliponunuliwa, ya kazini, na ile unayoitumia kweli. Play Store inaonyesha usajili wa akaunti moja kwa wakati, ile ambayo picha yake iko pale juu. Na malipo mara nyingi huenda kwenye akaunti iliyotumika kupakua aplikesheni, hata kama ndani ya aplikesheni yenyewe ulijiandikisha kwa barua pepe nyingine kabisa. Hizo mbili si lazima zifanane, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Njia ya haraka ya kujua: tafuta risiti. Kila malipo, Google hutuma barua pepe yenye namba ya oda inayoanza na GPA. ikifuatiwa na tarakimu. Ingia kwenye kila sanduku la barua ulilonalo na utafute herufi hizo tatu, GPA. Sanduku litakalokuwa na risiti ya tarehe 21 ndilo lenye usajili.

Ukiona barua haipo kwenye sanduku lolote, hapo ndipo tuanze kuzungumzia wizi.

---

Kibarua Huru

Wakuu, nimepigwa na butwaa.

Nimetafuta kwenye barua pepe yangu ya kila siku, hakuna. Ya kazini, hakuna. Nikakumbuka kuna ile ya zamani niliyofungua nikiwa chuo, yenye jina la utani ambalo sitalitaja hapa hata kwa fimbo. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuingizwa kwenye simu hii. Nimeifungua, kuna barua mia tatu na ushee hazijasomwa, na kati yake ziko hizo hapo: GPA ya tarehe 21 mwezi uliopita na GPA ya tarehe 21 mwezi huu. Kuna hata ya tarehe 14 inayosema siku za bure zimeanza na inataja lini zitaisha. Nilikuwa natumiwa kila kitu, mwenyewe sina habari.

Nimegusa picha kule Play Store, nikabadili kwenda akaunti hiyo, Subscriptions ikajaa. Aplikesheni ya video ipo juu kabisa. Nimebonyeza Cancel, nimeulizwa sababu, nikachagua kwamba siitumii. Sasa palipokuwa na tarehe ya malipo yajayo pameandikwa kwamba usajili umesitishwa na utaendelea kutumika hadi tarehe 21 mwezi ujao, na kile kitufe kimegeuka Resubscribe. Barua ya kuthibitisha nayo imeingia palepale, kwenye lile sanduku la aibu.

Mkuu Fundi, Mungu akubariki. Lakini hiyo ya tarehe 21 mwezi huu naipataje? Sijaigusa huduma yao hata siku moja tangu tarehe 2.

---

Kipepeo wa Jioni

Hilo jina la utani tunalisubiri.

---

Fundi Kimya

Hongera. Kitufe kugeuka Resubscribe na ile barua ndio ushahidi wako. Hifadhi barua, na upige picha ya skrini ionekane tarehe ya mwisho.

Kuhusu hela. Kusitisha na kurudishiwa ni maombi mawili. Kusitisha kunazuia malipo yajayo tu, hakurudi nyuma. Ndiyo maana umeachiwa hadi tarehe 21: duka linahesabu umeshalipia mwezi, kwa hiyo mwezi ni wako.

Kwa upande wa Google, ndani ya saa 48 tangu kukatwa unaweza kuliomba duka lenyewe, na jibu huwa halichelewi. Wewe umegundua siku ya tatu, saa hizo zimepita. Baada ya hapo duka linakuelekeza kwa wenye aplikesheni, na hawa kwa Google wana uwezo wa kurudisha hela wenyewe kutoka upande wao. Waandikie tena, ila safari hii usiwape barua pepe uliyojiandikishia kwao, wameshakwambia hawaioni. Wape namba ya GPA ya tarehe 21 mwezi huu, yote, bila kuacha tarakimu. Kwa namba hiyo oda yako wataipata hata kama akaunti ilishafutwa. Waambie ulifuta akaunti tarehe 2, na kama una barua ya kuthibitisha ufutaji iambatanishe. Kulazimika hawalazimiki. Lakini mteja aliyefuta akaunti siku 19 kabla ya kukatwa ana hoja nzuri, mimi nilikuwa nawarudishia.

Usikimbilie benki kupinga malipo kabla hujamaliza njia hizi. Malipo hayo duka limeyachukua kwa usajili ulioukubali mwenyewe, na ukiyapinga unaweza kujikuta akaunti yako ya duka imezuiwa kununua hadi deni lieleweke. Benki iwe njia ya mwisho.

---

Fundi Kimya

mama_wawili, wewe chumba chako ni kingine. Je, mna kikundi cha familia kwenye aiFoni, na wewe ndiye mwenye kadi?

---

mama_wawili

Ndiyo. Mimi, mume wangu na mtoto wetu mkubwa. Nilikianzisha mimi.

---

Fundi Kimya

Basi kama mmewasha kuchangia manunuzi, chochote atakachonunua mwanafamilia kinakatwa kwenye kadi ya aliyeanzisha kikundi. Usajili hata hivyo unabaki kwenye akaunti ya aliyebonyeza. Kwako hutauona, na hata ungeuona usingeweza kuusitisha. Anayeweza ni yeye, kwenye simu yake, au wewe ukiwa umeishika simu yake. Njia ni ileile, Settings, jina lake, Subscriptions.

Na usianze kuwauliza kwa ukali, angalia kwanza. Ingia reportaproblem.apple.com kwa akaunti yako, kisha umwombe kila mmoja aingie kwa ya kwake. Pale manunuzi yanaorodheshwa kwa tarehe, linganisha kiasi na taarifa ya benki. Utampata mwenyewe ndani ya dakika chache.

---

mama_wawili

Nimempata. Si mtoto. Ni baba yake.

Aplikesheni ya kuhesabu hatua na kupima usingizi. Siku 7 za bure tangu mwezi wa nne, na anaapa kwamba aliisitisha. Nimemwambia anionyeshe, akanionyesha kwamba ameifuta kwenye skrini. Tumecheka hadi mtoto akaja kuuliza kuna nini. Tumebonyeza Cancel Subscription pamoja, sasa inasema inaisha lini badala ya inakata lini.

Swali: yeye anasema hata angeisitisha siku ya saba angekatwa tu. Kweli?

---

Fundi Kimya

Hapo mzee ana robo ya ukweli. Kwa Apple malipo ya kipindi kipya yanaweza kuanza kukatwa ndani ya saa 24 kabla ya kipindi cha sasa kuisha, ndiyo maana wenyewe wanasema siku za majaribio zisitishwe angalau saa 24 kabla ya mwisho. Kama ulianza Jumatatu saa nne usiku, usisubiri Jumatatu ijayo saa tatu na nusu usiku ukidhani umewahi. Jumapili mchana iwe mwisho wako.

Mimi husitisha siku ileile ninayoanza jaribio. Aplikesheni nyingi zitakuachia siku zako zote hata hivyo. Kuna chache, hasa kwenye aiFoni, ambazo ukisitisha jaribio zinafunga mlango papo hapo, kwa hiyo soma maandishi ya kidirisha kabla ya kubonyeza mara ya pili.

---

Msomaji Tu

Naomba kuuliza tofauti kidogo. Mimi sitaki kuacha huduma, nataka kuhama kutoka kulipia dukani kwenda kulipia kwenye tovuti, maana kwenye tovuti bei ni ndogo. Nikijiunga tovutini si ule wa dukani utakufa wenyewe?

---

Kipepeo wa Jioni

Haufi! Niliwahi kufanya hivyo na kwa miezi minne nililipa kotekote. Mimi nilidhani huduma moja haiwezi kukuuzia mara mbili. Kumbe inaweza.

---

Fundi Kimya

Kipepeo amesema kweli. Duka halijui umenunua tovutini, na tovuti haina mkono wa kufika dukani. Wenye huduma waangalifu watakuzuia, watakwambia tayari una usajili kupitia Apple au Google. Wengi hawana kizuizi hicho.

Bei inatofautiana kwa sababu ya kamisheni. Apple kwa kawaida huchukua asilimia 30 mwaka wa kwanza wa mteja na asilimia 15 baada ya hapo, na watengenezaji wadogo huanzia kwenye 15. Google nao Januari 2022 walishusha ya usajili hadi 15. Wengine hiyo asilimia wanakubebesha wewe mnunuzi wa simu.

Mpangilio ni huu: sitisha dukani leo, endelea kutumia hadi tarehe ya mwisho iliyoandikwa, ikifika ingia tovutini kwa akaunti yako ileile na ujiunge. Kazi zako zitakuwa palepale kwa sababu ziko kwenye akaunti, hazikai dukani. Usifute akaunti! Ila angalia jambo moja kabla: kama bei unayolipa dukani ni ya zamani na imeshapanda, ukiuacha usajili ufe ile bei huenda usiione tena. Kabla ya tarehe ya mwisho bado una kitufe cha kurejesha, baada yake unaanza upya kama mgeni.

---

Kibarua Huru

"Usifute akaunti" hiyo imenichoma moyoni.

Nina swali la pili sasa. Nimeshalipia hadi tarehe 21 mwezi ujao. Nikaona basi angalau nitumie hela yangu. Nimeirudisha aplikesheni, nimefungua akaunti mpya, ndani kuna kitufe Restore purchases, nimekibonyeza. Inanijibu kwamba ununuzi huu umeunganishwa na akaunti nyingine. Akaunti nyingine gani? Ileile niliyoifuta!

---

Fundi Kimya

Hilo linategemea walivyoijenga. Kitufe hicho kinaliuliza duka kama kuna usajili hai, na duka limejibu upo. Kisha mfumo wao unaangalia umefungwa kwa nani. Wengine wanakuachia uhamishe kwa akaunti mpya, wengine wanaufunga kwa akaunti ya kwanza milele ili watu wasigawane usajili mmoja. Kama ya kwanza imefutwa, binadamu wa kwao anaweza kuufungua kwa mkono. Waandikie kwenye barua ileile ya kurudishiwa hela, ila chagua moja. Ukiomba hela na huduma kwa pamoja watakupa ile iliyo rahisi kwao.

---

Bundi Mkaguzi

Naomba kutofautiana na Fundi hapo. Mimi ningeomba vyote. Mteja amelipa, hajapewa. Kwa nini yeye ndiye apunguze madai? Na kwa nini aliyejenga mfumo hakuweka onyo kwenye ukurasa wa kufuta akaunti kwamba malipo ya dukani yanaendelea? Huo mstari wa kijivu si onyo.

---

Fundi Kimya

Kuhusu onyo niko na wewe asilimia mia. Tulilipigania hilo ndani kwa mwaka mzima kabla halijawekwa, na barua za aina hii zikapungua sana. Kuhusu kuomba vyote, ni haki yako, mimi nasema tu ninavyojua barua zinavyosomwa saa kumi jioni na mtu mwenye barua themanini mbele yake.

---

Fundi Kimya

Kufuli, nilikuahidi. Kadi ikikataa, usajili haujafa, umekuwa mgonjwa. Duka linaendelea kujaribu. Apple wanaweza kujaribu hadi siku 60, Google nao wana muda wao wa kusubiri kabla ya kukata tamaa. Ndani ya muda huo ukifungua kadi au ukaweka nyingine, wanakata. Na kwa Apple, ukiwa na deni ambalo halijalipwa, manunuzi mengine yanaweza kugoma. Fungua tu Subscriptions ubonyeze Cancel, dakika moja imekwisha.

---

Kufuli

Fundi, nakuheshimu, ila matokeo nayaona. Mwezi wa pili, senti sifuri. Kadi imelala.

---

Kibarua Huru

Wakuu, mrejesho baada ya wiki mbili.

Barua ya kwanza nilijibiwa na maneno ya kunakili, "tafadhali wasiliana na duka". Ya pili nikaweka GPA kwenye kichwa cha barua yenyewe na tarehe ya kufuta akaunti kwenye mstari wa kwanza, nikajibiwa na mtu mwenye jina. Aliomba picha ya barua ya kufuta akaunti, nikampa. Siku nne baadaye Google wamenitumia taarifa kwamba oda ya tarehe 21 imerudishwa, na leo hela imeonekana benki.

Nilifuata ushauri wa Fundi, niliomba hela tu. Palepale huduma imefungwa, ile tarehe ya mwisho imetoweka, ukurasa unasema usajili umekwisha. Video zangu za zamani hazirudi, akaunti ilishafutwa kwenye mitambo yao. Bundi, labda ningekusikiliza wewe ningezipata. Sijui.

---

Bundi Mkaguzi

Zisingerudi. Lakini ungeuliza.

---

mama_wawili

Kwetu kimya, APPLE.COM/BILL imebaki moja, ya picha zangu. Tuliomba kurudishiwa miezi ya nyuma kupitia ule ukurasa, tukarudishiwa mmoja wa mwisho, mingine imekataliwa. Baba watoto anahesabu hatua kwa kichwa.

---

Kufuli

Wakuu.

Jana nilifungua kadi mchana ili nilipie tiketi ya safari. Nimeifungua kama dakika ishirini hivi. Leo asubuhi nakuta APPLE.COM/BILL. Nimeingia Subscriptions, na tarehe ya malipo yajayo nayo imehama, sasa inahesabu kuanzia jana.

Fundi, hicho kitufe cha Cancel kiko wapi vile?